Heri za Mlimani kwa Makofi Mawili

Leo tuna jambo la walimu wa shule ya Jumapili na makatekista, ingawa wazazi nao wanakaribishwa. Ni zile heri ambazo Yesu alizisema mlimani, Mathayo sura ya tano, mstari wa tatu hadi wa kumi na mbili. Karibu kila Mkristo wa hapa Rubavu amezisikia mara nyingi. Wakatoliki husomewa kila mwaka kwenye sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Lakini mwombe mtu azitaje zote bila kufungua kitabu, uone. Ataanza vizuri na maskini wa roho, atasogea kwa wenye huzuni, halafu akifika katikati ataanza kumpa huyu thawabu ya yule. Wapole wanashibishwa, wenye njaa wanaurithi ufalme, wapatanishi wanamwona Mungu.

Kosa hilo halitokani na uzembe wa wanafunzi. Tazama jinsi heri zenyewe zilivyopangwa katika Kiswahili tunachokisoma kanisani. Kila moja inaanza kwa neno lile lile, kisha inataja kundi la watu, kisha inatoa sababu kwa neno lile lile, kisha ahadi. Na ahadi nyingi zinaanza kwa sauti moja: watafarijika, watashibishwa, wataitwa. Sikio linapewa milango minane iliyopakwa rangi moja. Ukiupoteza mmoja, mlango wa jirani unakaa mahali pake bila sikio kushtuka.

Walimu wengi wanapoamua kutunga kibwagizo cha kukumbukia heri, hufanya kitu ambacho mshairi yeyote wa Kiswahili angekifanya. Wanachagua kina kimoja na kukishusha kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Inasikika tamu. Watoto wanaimba wakirukaruka. Jumapili mbili baadaye tatizo limerudi vile vile, na safari hii limekuwa baya zaidi, kwa sababu kina kinachofanana kote kinaruhusu kila thawabu kuhamia mstari wowote bila wimbo kuvunjika. Mtoto anakosea, na makofi yanaendelea kama kawaida.

Kwa hiyo ushauri wangu unaenda kinyume na desturi ya shairi. Mfanano wa sauti usiende chini, kutoka mstari hadi mstari. Uende pembeni, ndani ya mstari mmoja, kutoka nusu ya kwanza hadi nusu ya pili. Yule anayebarikiwa na kile anachoahidiwa ndio wafungwe pamoja. Ukishataja kundi, sauti ya kundi hilo iite thawabu yake yenyewe, na thawabu ya jirani ikijaribu kuingia, sikio likatae.

Ushahidi umo ndani ya heri zenyewe. Kuna moja ambayo watoto hawaikosei kamwe, ile ya wenye rehema. Hii ndiyo peke yake ambayo thawabu yake ni jambo lile lile walilotenda: wamerehemu, watarehemiwa. Hata katika Kigiriki cha Mathayo maneno hayo mawili ni ya shina moja. Hakuna mwalimu aliyewahi kuihangaikia. Kazi yetu ni kuzifanya nyingine saba zishikamane karibu kama hiyo.

Wala tusidhani kwamba kuzichezea sauti za heri ni utoto. Katika Kigiriki hicho hicho, makundi manne ya kwanza, yaani fukara, wenye kuomboleza, wapole na wenye njaa, yote yanaanza kwa herufi moja, herufi ya pi. Ya kwanza na ya nane zina thawabu ile ile, ufalme wa mbinguni, na zimewekwa hapo kama kifuniko cha mbele na cha nyuma. Aliyeandika alijua kwamba wengi watazipokea kwa masikio, si kwa macho.

Na hapa kwetu ufundi huo si mgeni. Nyundo, kilomita chache kutoka hapa, ndipo alipokaa Askofu Aloys Bigirumwami, Mnyarwanda wa kwanza kuwa askofu, aliyewekwa wakfu mwaka 1952. Mzee huyo alitumia miaka mingi kukusanya methali, hadithi, mila na nyimbo za Kinyarwanda na kuzichapisha. Mwaka 1954 alianzisha gazeti la watoto, Hobe. Yeye hakuona kwamba mafundisho ya dini na michezo ya maneno ya jioni ni vitu vya kutenganishwa. Nitarudi kwenye mchezo mmoja wa jioni baadaye, maana ndio utakaotusaidia kupima kazi yetu.

Sasa tutunge. Nimechagua mizani nane kwa nusu mstari, kama shairi la kawaida, na kofi moja kwa kila nusu. Kofi linapigwa kwenye silabi ya saba, ile ambayo Kiswahili chenyewe kinaikazia sauti kabla ya silabi ya mwisho. Kwa hiyo kila mstari una makofi mawili: moja la mtu, moja la ahadi. Kibwagizo chote ni hiki, nitakisoma polepole:

Heri fukara rohoni, kwao ni ufalmeni.
Heri wale waliao, na wao wataliwazwa.
Heri watu wa upole, watarithi nchi ile.
Heri wa njaa ya haki, haki itawashibisha.
Heri wenye kurehemu, wao watarehemiwa.
Heri wa moyo mweupe, Mungu wao watamwona.
Heri wapatanishao, Mungu ndiye Baba yao.
Heri wa haki tabuni, kwao ni ufalmeni.

Ya tisa bado. Inakuja peke yake.

Mtaona kwamba si kila mstari umefungwa kwa kina cha mwisho. Wa kwanza na wa nane imefungwa kwa ni. Wa tatu kwa le. Wa saba kwa ao. Lakini wa pili umefungwa katikati: waliao, wataliwazwa, ile li inaitana na li nyingine, na kulia kunatafuta kuliwazwa. Kanisani tumezoea kusema watafarijika, na ni neno zuri, ila halina sauti ya kilio ndani yake. Kuliwaza kunayo. Wa nne umefungwa kwa neno zima: nusu ya kwanza inaishia na haki, ya pili inaanza na haki, namna ambayo washairi wa pwani huitumia wanapounganisha beti kwa beti. Wa sita unategemea herufi ya m: moyo mweupe upande mmoja, Mungu na watamwona upande wa pili. Ni makusudi kwamba vifungo havifanani. Kama kila mstari una kifungo cha namna yake, mistari haiwezi kubadilishana thawabu. Jaribu mwenyewe kusema kwa sauti kwamba wa njaa ya haki, Mungu ndiye Baba yao. Ulimi unakwama.

Upo mtihani mwingine ambao hapa Gisenyi hauepukiki. Yule bibi aliyefundishwa kwa mpangilio wa Biblia ya zamani ya Kilatini, ambayo Kanisa Katoliki liliitumia kwa karne nyingi, atakuwa na wapole katika nafasi ya pili na wenye kuomboleza katika ya tatu. Jirani yake Mprotestanti ana wenye kuomboleza kwanza, halafu wapole. Tofauti hiyo inatoka kwenye nakala za kale zenyewe, hakuna aliyedanganya. Kibwagizo kinachoshuka kwa kina kimoja au kinachosimulia kisa kwa mfululizo kingewagombanisha hao wawili. Hiki hakina neno. Badilisha mstari wa pili na wa tatu, kila mtu anabaki na ahadi yake.

Nieleze sasa mahali palipoumiza kichwa, maana hapo ndipo mwalimu anayetaka kutunga cha kwake atapata faida zaidi.

Mstari wa nane, jaribio la kwanza linalomjia mtu ni kusema heri wateswa kwa haki. Mizani nane kamili, makofi yanakaa sawasawa. Lakini sikiliza vizuri: mtu aliyeteswa kwa haki ni nani? Ni mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi. Amestahili. Tumempa ufalme wa mbinguni mtu aliyeadhibiwa kihalali, na yule aliyeonewa kwa kusimamia ukweli tumemwacha nje. Kuandika kirefu, kwamba ni kwa ajili ya haki, kunavunja mizani. Ndiyo maana nimesema wa haki tabuni, yaani watu wa haki walioko katika tabu. Neno tabuni linakaa pale pale lilipokaa rohoni katika mstari wa kwanza, na thawabu inarudi ile ile neno kwa neno. Mtoto akisikia ufalmeni mara ya pili anajua tumefika mwisho wa zile nane, hahitaji kuhesabu vidole.

Katika mistari hiyo miwili kuna jambo la wakati ambalo watungaji wengi hulipoteza. Mathayo anaposema juu ya ufalme, anasema ni wao, sasa hivi. Zile sita za katikati ndizo za baadaye: watafarijiwa, watarithi, watashibishwa. Kwa hiyo sikuandika kwao itakuwa. Nimeandika kwao ni. Na kwao, kwa Kiswahili chetu cha kila siku, ni nyumbani kwa mtu. Ukimwuliza mama anayevuka pale Petite Barrière na kapu la nyanya kichwani kwao ni wapi, atakwambia Rubavu au atakwambia Birere, hatakuonyesha mahali atakapohamia. Fukara wa rohoni kwao ni ufalmeni. Ameshafika.

Mstari wa saba una gharama, na afadhali niitaje. Maandiko yanasema wapatanishi wataitwa wana wa Mungu. Mimi nimesema Mungu ndiye Baba yao. Maana ni ya upande wa pili wa jambo lile lile, lakini vitu viwili vimepotea: kule kuitwa, yaani kutambuliwa mbele ya watu, na ule wakati ujao. Nilijaribu wataitwa wana wake, mizani nane, wakati ujao umo. Ila wake nani? Mstari ukisimama peke yake, hujui ni wana wa nani, na sharti letu ni kwamba kila mstari uweze kusimama peke yake. Nikaona bora kumtaja Mungu na kupata kifungo cha ao kwa ao, halafu mwalimu aseme kwa mdomo wake kilichobaki. Mwingine anaweza kuamua vingine, sitambishia sana.

Katika mstari huo huo nimekataa kabisa kuandika wapenda amani, ingawa kingekuwa kina chepesi. Mtu anaweza kuipenda amani akiwa amelala kitandani. Mwezi wa Januari 2025, vita vya Goma viliporusha mabomu mpaka upande huu wa mpaka na watu wa Gisenyi wakapoteza maisha, sisi sote tulipenda amani. Hilo halikumgharimu mtu chochote. Heri hii ni ya anayekwenda kukaa kati ya wawili wasiosalimiana. Kwa watoto wa Rwanda mfano upo tayari: wanawajua abunzi, wale wazee na akina mama wanaochaguliwa kusikiliza kesi ndogo za mipaka ya shamba na madeni kabla hazijafika mahakamani. Mwambie mtoto kwamba mpatanishaji ni kama mwunzi aliyeitwa kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, hutahitaji kueleza zaidi.

Na tukizungumza mashamba, mstari wa tatu. Nchi ile ni nchi gani? Yesu hapa anachukua ahadi iliyokuwamo tayari katika Zaburi ya 37, kwamba wapole watairithi nchi, na wasikilizaji wake waliijua. Neno ile si la kujazia kina tu; linaelekeza kwenye nchi iliyokwisha kuahidiwa. Mwalimu mmoja alinipendekezea nibadilishe iwe shamba, kwa kuwa watu wa milima yetu, wenye vipande vidogo vya ardhi, wangeielewa haraka. Wangeielewa haraka mno, nikamjibu. Mtoto angeondoka akijua kwamba ukinyamaza ukaonewa, utapewa hati ya kiwanja.

Kilichopunguzwa pia ni kiu. Mathayo ana njaa na kiu, mimi nina njaa tu. Mizani haikutosha, na kati ya hivyo viwili njaa ndiyo inayoshibishwa. Nimeiacha bila majuto makubwa.

Sasa namna ya kufundisha. Usiwape watoto mistari yote minane siku moja ukawaambia wakariri. Anza na wa kwanza na wa nane, kwa sababu thawabu ni moja, na mtoto anajiona amejua viwili kwa bei ya kimoja. Kisha wa tano, ule wa kurehemu, unaojifundisha wenyewe. Wakishavishika vitatu hivyo, wana mwanzo, katikati na mwisho. Zinazobaki zinajazwa kwenye nafasi zilizo wazi, mbili mbili au tatu kwa Jumapili, kadiri darasa linavyoweza.

Kuimba ni kwa kupokezana. Mwalimu anatoa nusu ya kwanza na kofi lake, darasa linajibu nusu ya pili na kofi lake. Wakishazoea, ndipo unaleta ule mchezo wa jioni niliosema. Kila Mnyarwanda anaujua: mmoja anasema sakwe sakwe, wengine wanaitika soma, na fumbo linatolewa. Kwa Kiswahili tungesema kitendawili, tega. Basi mwalimu anatega nusu ya mstari, tena bila utaratibu. Anaanza na wa sita, anarukia wa pili, anakwenda wa saba. Mtoto mmoja anajibu peke yake.

Hapo ndipo utajua kama kibwagizo kimefanya kazi, na utajua pia kilichoharibika ni nini. Ukimwona mtoto anatazama juu na kunong'ona kuanzia mstari wa kwanza hadi afike ulipouliza, ujue amekariri mnyororo, hajashika pete moja moja. Mtege zaidi bila mpangilio. Akijibu upesi lakini kwa thawabu ya mstari mwingine, lawama ni ya mtungaji: kifungo cha mstari huo ni dhaifu, utunge upya. Kwa hiki changu, ninautilia shaka zaidi mstari wa sita, kwa kuwa herufi ya m peke yake ni kamba nyembamba. Na kama anajibu sawasawa, lakini ukimwuliza upole ni nini anasema ni kukaa kimya mkubwa akikupiga, basi hapo kibwagizo hakina kosa wala hakina dawa. Kimelinda maneno. Maana inabaki ni kazi ya mwalimu.

Nimeahidi ya tisa. Katika heri nane Yesu anasema juu ya watu fulani, hao. Ghafla katika ya tisa anageuka na kuwatazama waliokaa mbele yake: ninyi. Kwa hiyo nimeiacha ivunje mizani:

Heri ninyi mtukanwapo, shangilieni papo hapo.

Hesabu, ni tisa kwa tisa. Kofi ambalo mikono imezoea kulipiga kwenye silabi ya saba sasa linachelewa kwa silabi moja, na watoto watajikwaa mara ya kwanza, watacheka. Acha wajikwae, wanageukiwa wao sasa, na mwili umeshalisikia badiliko hilo kabla hujalieleza. Mstari huu aimbe mwalimu au mtoto mmoja akilielekea darasa, usipokezwe kama mingine.

Ila usiuachie hapo. Maandiko yanaweka masharti mawili ambayo hayakuingia: kwamba matukano hayo yawe ya uongo, na yawe kwa ajili ya Kristo. Mtoto aliyetukanwa kwa kuiba kalamu ya mwenzake hana la kushangilia. Mwambie hivyo wazi, siku ile ile.

Juma lijalo tutamfungua Luka sura ya sita, ambaye ana heri nne tu, na baada yake ole nne zinazozijibu moja kwa moja: maskini na matajiri, wenye njaa na walioshiba, wanaolia na wanaocheka, wanaochukiwa na wanaosifiwa. Huko kifungo hakitakuwa kati ya nusu na nusu, kitakuwa kati ya mstari na mstari wa mbali, na kanuni ya leo itabidi tuigeuze. Mwenye kutaka kujaribu kabla yetu, atunge jozi moja tu, ya wanaolia na wanaocheka, mizani nane kwa nane, atutumie kwa ujumbe wa simu. Tutazisoma hewani.